Kalamu nyekundu mara ya tatu kwenye lengo lililoanza na "aelewe". Lengo la kipindi cha dakika 40 linaandikwaje?

Mwanagenzi_62
Shikamooni walimu. Niko mazoezi ya kufundisha, wiki ya tatu, Hisabati Darasa la Tano. Darasa lina wanafunzi 62. Kipindi ni dakika 40 kwenye ratiba, lakini changu kinafuata mapumziko, kwa hiyo mpaka wamalize kunywa maji na kugombea madawati nabakiwa na 36 hivi.

Kila andalio la somo ninalompelekea mkufunzi linarudi na duara kwenye lengo mahususi. Hili ni la Alhamisi:

"Kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aelewe jinsi ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti na aweze kuzitumia katika maisha ya kila siku."

Pembeni kaandika: "Halipimiki. Utamwonaje akielewa?" Nikabadilisha nikaandika "atambue". Duara. Nikaandika "ajue na aeleze". Duara mbili. Nimechoka, na leo ni Jumanne. Nisaidieni.

KifutioKikavu
Hiyo ndogo sana mkuu. Kuna vitenzi marufuku: elewa, jua, fahamu, tambua, jifunza. Kuna vitenzi halali: taja, orodhesha, eleza, chora, kokotoa, linganisha, panga. Andika orodha kwenye karatasi, bandika ndani ya jalada la andalio, kila ukikuta la marufuku toa weka halali. Mimi nimemaliza mazoezi yangu yote mawili hivyo na hakuna mkufunzi aliyenisumbua.

Lako litakuwa: "mwanafunzi aweze kueleza jinsi ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti." Peleka.

Jirani_wa_Ofisi
Ndugu, umahiri mkuu na umahiri mahususi vinatoka kwenye muhtasari, huna ruhusa ya kuvibadilisha hata neno moja. Mthibiti ubora akija akakuta umeandika wako, utatafuta pa kujificha. Nakili kama ulivyo.

Mwanagenzi_62
@Jirani_wa_Ofisi asante, ila umahiri nimenakili kama ulivyo, haukuguswa. Duara liko chini yake, kwenye lengo la kipindi hicho kimoja. Hilo natunga mimi.

Jirani_wa_Ofisi
Ah, nilisoma haraka. Basi nakaa hapa nami nijifunze.

BibiChaki
Marahaba mwanangu. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, kisha nikawa mkufunzi, kwa hiyo duara za kalamu nyekundu nimezichora nyingi kuliko ulizowahi kuziona.

KifutioKikavu amesema nusu. Kubadilisha kitenzi kunakuokoa na mkufunzi, hakukuokoi na darasa. Chukua hilo alilokutungia, "aweze kueleza jinsi ya kujumlisha". Saa imebaki dakika tano, watoto 62 wamekutazama. Wote wataeleza? Ukimwita mmoja akaeleza vizuri, wale 61 umewapima kwa lipi? Na somo lako ni la kukokotoa. Yupo mtoto anayeeleza kama redio halafu akishika kalamu anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Yupo bubu wa darasa ambaye haelezi kitu, lakini jawabu lake ni 5/6 na hatua zote zimo. Kwa lengo la "aeleze", wa kwanza amefaulu na wa pili ameanguka. Ndivyo unavyotaka?

Kwa hiyo nipe kitu kimoja kwanza, kabla hatujagusa lengo. Niandikie maswali utakayowapa mwishoni mwa kipindi. Maswali yenyewe, kwa namba.

Mwanagenzi_62
Shikamoo mama. Nilikuwa nimepanga haya matano:

a) 1/2 + 1/3
b) 2/3 + 1/5
c) 2/5 + 1/10
d) 3/4 + 1/2
e) 1/4 + 2/3

Njia ninayofundisha ni ya kutafuta KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika cha asili. Hatua ya kuzidisha asili kwa asili sijaigusa, nitaiacha.

BibiChaki
Vizuri. Sasa tazama unachopima, maana hapo ndipo lengo lako lilipojificha.

Swali a: asili ni 2 na 3, KDS ni 6. Mtoto aliyezidisha tu 2 kwa 3 bila kujua KDS ni nini naye anapata 6. Swali b ni vilevile, 3 na 5. Swali e vilevile, 4 na 3. Yaani katika maswali matano, matatu hayawezi kukuonyesha kama umefundisha KDS au hukufundisha. Atapata vyote vitatu na wewe utaandika "lengo limefikiwa".

Weka 1/4 + 1/6. Aliyetafuta KDS ataandika 12 na kupata 5/12. Aliyezidisha tu ataandika 24 na kupata 10/24. Ukipita kati ya madawati unaona kwa jicho moja, hata huhitaji kuuliza.

Swali c: 2/5 + 1/10 ni 5/10. Mtoto akiandika 5/10 utampa vema au utamkosesha kwa sababu hakuandika 1/2? Ukimkosesha, umempima kurahisisha, na kurahisisha hakumo kwenye lengo lako. Swali d linatoa 5/4, sehemu guni, na nusu ya darasa itasimama hapo ikikuuliza "mwalimu inakuwaje juu ni kubwa?" Hicho ni kipindi kingine.

Tatizo la "aelewe" ndilo hilo. Neno lenyewe si baya, ila linakuruhusu usiamue. Chini ya blanketi moja umelaza kutafuta KDS, kujumlisha, kurahisisha, sehemu guni na maisha ya kila siku. Kwa dakika 36.

KifutioKikavu
Bibi naheshimu, ila nina swali. Tulifundishwa chuoni ngazi za Bloom, na ngazi ya pili kabisa ni kuelewa. Bloom mwenyewe kaiweka. Leo mkufunzi anazungushia neno ambalo liko kwenye nadharia anayotufundisha. Hapo sijawahi kupata jibu.

BibiChaki
Swali zuri, na wakufunzi wengi hulikwepa. Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956 walikuwa wanapanga malengo ya elimu kwa makundi, na wengi wao walikuwa watu wa mitihani ya vyuo. "Kuelewa" kwao ni jina la rafu. Duka lina rafu imeandikwa "Vyakula", lakini huendi dukani ukasema nipe kilo mbili za vyakula. Unaomba mchele. Katika andalio unaandika mchele: atafsiri jedwali kwa maneno yake, atoe mfano ambao haukutolewa darasani, achague mchoro unaolingana na sentensi. Vyote hivyo vimekaa kwenye rafu ya kuelewa, na kila kimoja kinaonekana.

Aliyelisukuma jambo hili la kuonekana ni Mmarekani mwingine, Robert Mager, mwaka 1962. Yeye alitaka vitu vitatu kwenye lengo: mtoto afanye nini, akiwa katika hali gani, na kwa kiwango gani. Walimu wengi wameshika cha kwanza tu, ndiyo maana orodha za vitenzi zimeenea kuliko kitu kingine chochote.

Mshororo
Hamjambo nyote. Naandika kutoka Kenya, nafundisha Kiswahili shule ya upili, kipindi chetu pia ni dakika arobaini. Uzi huu umenigusa kwa sababu kwetu Kiswahili chenyewe kinatutega kwenye vitenzi hivi.

Tazameni "kubaini" na "kubainisha". Anayebaini, jambo limetukia kichwani mwake na sina dirisha la kuchungulia. Anayebainisha ameliweka wazi, nami nimeona. Tofauti ni silabi moja, lakini katika maandalio ya wanafunzi-walimu wanaokuja kwetu neno moja hushika nafasi ya jingine kana kwamba ni pacha. "Kutofautisha" ni mbaya zaidi. Naweza kutofautisha sauti za wanangu wawili kupitia ukutani na nisitamke neno. Mimi nikiandika "kutofautisha" lazima niongeze mkia: "kutofautisha vitenzi halisi na vishirikishi kwa kuvipigia mistari katika aya aliyopewa". Mkia ndio unaoonekana.

Jirani_wa_Ofisi
Kwa hiyo kuelewa ikiwa marufuku, kuelewesha ni halali? 😂

Mshororo
Umetania lakini ni halali kabisa, ukisema anamwelewesha nani na utajuaje kwamba huyo naye ameeleweshwa. Hapo ndipo utakapotamani urudi kwenye kupigia mistari.

BibiChaki
@Mshororo hiyo ya mkia nitaichukua. "Kutambua" nayo ni ya jamii hiyohiyo. Sizungushii "kutambua" nikiona mbele yake "kwa kuzungushia", "kwa kunyooshea kidole", "kwa kupanga kadi". Peke yake naizungushia.

Mwanagenzi, sasa andika upya. Usianze na vitenzi, anza na swali la 1/4 + 1/6.

Mwanagenzi_62
Nimejaribu:

"Kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi akipewa maswali 5 ya kujumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti zisizozidi 12, aweze kukokotoa kwa kutumia KDS, akionyesha hatua, bila kutazama mfano ubaoni, na apate angalau 4."

Maswali nimeyabadilisha. Yote yana asili zenye kigawo cha pamoja, hakuna linalozidi moja, na hakuna linalohitaji kurahisishwa: 1/4 + 1/6, 3/8 + 1/4, 1/6 + 2/9, 3/10 + 2/5, 5/12 + 1/8. La maisha ya kila siku nimelitoa. Limeniuma kidogo kwa sababu nilikuwa na mfano mzuri wa unga.

BibiChaki
Sasa naona somo. "Bila kutazama mfano ubaoni" umeliweka mwenyewe bila kuambiwa, na ni kubwa. Ukiacha mfano ubaoni unapima kunakili. Futa ubao kabla ya kusoma swali la kwanza.

Swali la tatu litawatesa, maana KDS ya 6 na 9 ni 18 na umesema asili zisizozidi 12. Asili walizopewa hazizidi, lakini jawabu linazidi. Mkufunzi mkali atakuuliza. Ya mwisho nayo inaenda 24. Amua: ama andika "asili zilizotolewa", ama badilisha maswali.

Mfano wa unga usiutupe, uweke kwenye utangulizi. Nusu kilo na robo kilo kila mtoto anaijua kutoka dukani. Lakini utangulizi ni njia ya kuingilia, siyo lengo.

ChumbaChaKumi
Naomba niulize la kwangu, samahani kwa kuingilia. Mimi ni mwalimu wa Jiografia kidato cha kwanza. Mwalimu wa taaluma hapa anataka lengo liandikwe "asilimia 80 ya wanafunzi waweze kutaja...". Nyie mnaandika "mwanafunzi apate 4 kati ya 5". Ipi sahihi? Maana 4 kati ya 5 nayo ni 80.

KifutioKikavu
Ni kitu kilekile, 80 ni 80.

BibiChaki
Si kitu kilekile. 4 kati ya 5 inamhusu mtoto mmoja: huyu ameweza au bado. Asilimia 80 ya wanafunzi inahusu somo: nimefaulu kufundisha au nirudie. Unaweza kuwa na zote mbili, na mimi ningekuwa nazo, lakini ya pili naiandika kwenye sehemu ya tathmini chini ya andalio, siyo kwenye lengo. Ukiandika kwenye lengo kwamba asilimia 80 wataweza, umeshawaaga asilimia 20 kabla kengele haijagonga.

Mshororo
Hapo tunatofautiana, Bibi. Katika darasa la 62 hakuna siku wote wataweza, na kuandika "mwanafunzi aweze" kana kwamba ni wote ni adabu tu ya karatasi. Afadhali mwalimu aseme mapema kiwango anachokitaka cha darasa zima, kisha akishindwa asiwe na pa kujificha. Ukikiacha kwenye tathmini, atakiandika baada ya somo, na ataandika kile alichokipata.

BibiChaki
Hoja yako ya kujificha naikubali. Ya kuwaaga wale 20 bado naishikilia.

Mshororo
Sawa, tuachane hapo. Mimi nina donda jingine. Wiki hii nina shairi huru. Mtaala mpya wetu wa madarasa ya chini umejaa "kuchangamkia": mwanafunzi achangamkie hiki, achangamkie kile. Napenda neno hilo kwa sababu ndilo ninalolitaka kwa shairi, na kwa sheria za uzi huu halipimiki. Nikiandika "ataje tamathali mbili za usemi zilizotumika" napata lengo safi na darasa lililokufa. Nifanyeje?

BibiChaki
Kwa dakika 40 huwezi kupima kuchangamkia, na sikushauri ujifanye unaweza. Wapo wanaoandika "achangamkie kwa kunyoosha mkono". Mikono hunyooshwa hata kwa kutaka ruhusa ya kwenda chooni. Unachoweza kupima siku hiyo ni tendo dogo linalohitaji mtoto awe ameguswa kidogo: achague mshororo mmoja, na aandike sentensi mbili za kwa nini ameuchagua huo na si mwingine, akitaja neno moja la mshororo wenyewe. Kuchangamkia kwenyewe utakuona baada ya miezi, akija kuomba kitabu bila kutumwa.

Mshororo
Hilo la kuchagua mshororo nitalijaribu. Lakini sitakubali kwamba lililobaki si lengo. Labda si lengo la kipindi.

Mwanagenzi_62
Nimerudi. Nimefundisha leo Alhamisi. Mkufunzi alikaa nyuma dakika zote.

Lengo halikupigwa duara. Aliweka alama ndogo ya vema pembeni na akasema nitoe "kwa kutumia KDS" au nihakikishe naikagua kweli. Nikamwonyesha 1/4 + 1/6, akacheka.

Habari mbaya ni muda. Nilitenga dakika 10 kwa maswali matano. Walipofika swali la tatu dakika 11 zilikuwa zimeshapita, na kengele iligonga wengi wakiwa la nne. Nilikusanya madaftari na kusahihisha usiku. Hakuna aliyepata angalau 4 isipokuwa 19. Lakini nikihesabu yale matatu ya kwanza tu, 41 wamepata yote matatu. 9 wameandika 24 kwenye swali la kwanza, yaani wanazidisha asili, sijui walifundishwa na nani. 7 wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, 1/4 + 1/6 = 2/10. Watano waliobaki wamepata KDS sawasawa lakini wakasahau kuzidisha kiasi, wakaandika 2/12.

Kwa hiyo kwa lengo nililoandika nimeanguka, 19 kati ya 62. Kwa macho yangu hawakuanguka hivyo. Nijaze nini kwenye tathmini?

KifutioKikavu
Jaza lengo limefikiwa kwa wastani mkuu, maisha yaendelee.

BibiChaki
Jaza ulichokiona, kama ulivyokiandika hapa. "Wanafunzi 19 wamefikia lengo. 41 wamepata maswali matatu ya kwanza yote. Muda wa zoezi haukutosha." Halafu zile namba ndogo, 9, 7 na 5, hizo ni dhahabu. Wale 7 hawana wazo kwamba asili lazima zilingane kwanza, na hao warudishe kwenye unga na vipande vya karatasi. Wale 5 wamekwama hatua moja tu, dakika tatu asubuhi zinawatosha. Wale 9 hawajakosea hesabu, 10/24 ni kweli, hawakutumia njia uliyoiagiza. Kuhusu hao inabidi uamue kama KDS ni lengo lako kweli au ni lengo la kitabu.

Na muda: mtoto wa darasa la tano anayeandika hatua zote anakula karibu dakika tatu na nusu kwa swali, umeshajionea. Kipindi kijacho weka maswali matatu.

Mwanagenzi_62
Kiwango kitakuwa ngapi kati ya 3? Nikisema 2, aliyebahatisha moja anapita. Nikisema yote 3, aliyeteleza kidogo kwenye kujumlisha anaanguka.

BibiChaki
Kwa maswali matatu mimi huandika yote 3 kwa hatua ya KDS, na 2 kwa jawabu la mwisho. Lakini hapo unasahihisha vitu viwili kwenye madaftari 62, na sijui una taa ya aina gani usiku.

ChumbaChaKumi
Wabadilishane madaftari wasahihishane. Kwangu inafanya kazi.

Mwanagenzi_62
Kwangu walibadilishana wiki iliyopita, rafiki kampa rafiki vema hata pasipo na kitu. Nitajaribu safu kwa safu badala ya dawati kwa dawati. Jumatatu ni kutoa sehemu zenye asili tofauti, nitaleta lengo hapa Jumapili jioni kabla halijaenda kwa kalamu nyekundu.